Kasi ipi, na wapi? Tunaisoma upya noti ya magodoro ya gabioni ya kivuko cha Rugera

Kuna sentensi moja kwenye noti hii ambayo ningependa tukae nayo muda mrefu: "Kasi ya maji imechukuliwa kuwa mita 1.15 kwa sekunde, ikazidishwa kwa 1.5 kwa usalama." Kila kinachofuata kimejengwa juu ya sentensi hiyo: unene wa godoro, ukubwa wa mawe, urefu wa kinga. Ukiikubali, noti nzima inasimama. Ukiigusa tu, inaanza kuyumba.

Kwanza tuelewane tunasoma nini. Hii ni noti ya usanifu ya kurasa chache, ya kufundishia, na kivuko chenyewe ni cha kubuni. Kimewekwa Rugera, kwenye barabara ya vijijini ya kutoka upande wa Karagwe kwenda upande wa Kyerwa. Mwandishi wake simtaji, kwa sababu shida si yake peke yake. Noti za mfano zina tabia moja: mtu anabadilisha jina la mto, anabadilisha namba mbili tatu, anaipeleka site. Kwa hiyo kosa lililo kwenye mfano halibaki kwenye mfano. Linageuka kuwa kivuko ambacho siku moja lori la ndizi au pikipiki ya kuwahi kliniki inakikuta kimekatika.

Sasa kivuko chenyewe. Ni drifti yenye mabomba: sakafu ya zege inayokatiza kijito, chini yake mabomba matatu ya kipenyo cha mita 0.9. Maji ya kawaida yanapita mabombani, na yakizidi yanaruhusiwa kupita juu ya sakafu. Uso wa zege uko mita 1.2 juu ya sakafu ya mto, na sehemu inayoruhusiwa kupitisha maji juu ina urefu wa mita 15. Upande wa chini, maji yanapotokea, sakafu ya mto imefunikwa kwa magodoro ya gabioni: makasha mapana na membamba ya waya, yaliyojazwa mawe na kulazwa kama mkeka. Kazi yake ni kuzuia maji yasiuchimbe mto mbele ya zege. Shimo hilo likiachwa likue, linarudi nyuma kidogo kidogo hadi chini ya zege, na zege isiyo na kitu chini yake inavunjika kwa uzito wake yenyewe. Ndiyo maana drifti nyingi huonekana nzima kabisa kwa juu hadi siku zinapoanguka.

Kitu ambacho noti imefanya vizuri

Noti nyingi huandika tu "kasi = 1.7" na kuendelea mbele. Hii imeeleza kasi imetoka wapi, na kwa hilo inastahili sifa, maana bila maelezo hayo hata tusingekuwa na cha kujadili. Pia imetandika kitambaa cha jiotekstaili chini ya godoro, kinachopitisha maji lakini kinazuia udongo. Wengi husahau kwamba maji hupenya kati ya mawe na kunyonya mchanga wa chini taratibu, na kwamba godoro linaweza kuzama bila hata jiwe moja kuondoka mahali pake. Hapo mwandishi yuko sawa.

Tatizo liko juu zaidi kwenye mnyororo. Tuufuate tangu mvua inaponyesha.

Mafunjo yaliyojificha ndani ya namba

Kujua kasi kunataka kujua kwanza maji ni kiasi gani. Noti imetumia njia inayofahamika sana kwa wahandisi wa barabara wa Afrika Mashariki: modeli ya mafuriko ya maabara ya barabara ya Uingereza, TRRL, iliyotolewa kwenye ripoti namba 706 ya mwaka 1976. Ilitengenezwa kwa vijito vidogo vya huku kwetu, si vya Ulaya, na bado ni chombo kizuri.

Msingi wake ni rahisi. Unaanza na dakio, yaani eneo lote ambalo mvua yake huishia kwenye kijito chako. Noti imechukua dakio la kilomita za mraba 24, mvua ya siku moja ya milimita 70, na ikakadiria kwamba asilimia 15 tu ya mvua hiyo itatiririka haraka. Milimita moja ya mvua juu ya kilomita moja ya mraba ni mita za ujazo 1,000. Kwa hiyo 24 mara 70 mara 1,000, halafu chukua asilimia 15: unapata mita za ujazo 252,000. Hizo ndizo zitakazopita kwenye drifti, upende usipende.

Swali linabaki: zitapita kwa muda gani? Maji yaleyale yakipita ndani ya siku mbili ni kijito kilichojaa. Yakipita ndani ya asubuhi moja ni mafuriko. Modeli inajibu hivi:

```
TB = TP + 2.3 K + TA
Qwastani = 0.93 × RO / (3600 × TB)
Qkilele = 2.3 × Qwastani
```

RO ni zile mita za ujazo 252,000. TB ni muda wa mafuriko kwa saa. TP ni muda wa mvua yenyewe, saa 0.75 kwa maeneo ya bara. TA ni muda wa maji kusafiri ndani ya kijito, na hapa ni kati ya saa moja na nusu na mbili hivi. Kilichobaki ni K, muda wa kuchelewa, ambao hauhesabu. Unauchukua kwenye jedwali kulingana na hali ya ardhi.

Jedwali hilo ndilo moyo wa habari yetu. Kwa bonde ambalo chini yake kuna kinamasi cha mafunjo, K ni saa 20. Kwa msitu au bonde lililoota vichaka vizito, ni saa 8. Kwa ardhi iliyolimwa hadi ukingoni mwa kijito, ni saa 3.

Noti imechagua 20. Na kwa mtu anayeyajua mabonde ya Karagwe, uchaguzi huo unaeleweka: vilima mviringo, chini yake bonde bapa lililojaa mafunjo, maji yakipita humo kama yanachujwa kwenye sifongo. Mafunjo ni bwawa lisilo na ukuta. Yanapokea mafuriko ya saa moja na kuyaachia kwa siku mbili.

Fanya hesabu uone. K ikiwa 20, TB inakuwa karibu saa 49, na kilele kinatoka mita za ujazo 3.1 kwa sekunde. Mabomba matatu yanaweza kupitisha karibu 4 kabla maji hayajafikia uso wa zege. Kwa hiyo kwa mujibu wa noti, kwenye mafuriko ya usanifu hakuna hata tone linalopita juu ya drifti. Mambo safi.

Lakini hebu angalia picha ya pili ya noti hiyohiyo, ile iliyopigwa ukitazama juu ya mto. Inaonyesha matuta ya maharage hadi ukingoni, na mtaro ulionyooka katikati ya bonde, ulioutoa maji kinamasi kile. Mafunjo yamebaki mabaki tu. Yaani picha inasema K ni 3, maandishi yanasema 20, na vyote viko kwenye karatasi moja.

Rudia hesabu kwa K ya 3. TB inashuka hadi karibu saa 9, na kilele kinapanda hadi mita za ujazo 16.6 kwa sekunde. Ni zaidi ya mara tano. Mvua haijabadilika, eneo halijabadilika, asilimia inayotiririka haijabadilika. Kilichobadilika ni mafunjo tu. Hata ukiamua kuwa katikati, useme bonde limebaki na vichaka na uchukue K ya 8, unapata karibu 7, na bado mabomba hayatoshi.

Utaniambia: lakini sheria inalinda vinamasi. Ni kweli, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na maeneo ya aina hiyo. Ila mafuriko hayasomi sheria. Yanasoma kilichopo bondeni siku mvua inaponyesha. Na drifti inajengwa idumu miaka mingi, wakati mtaro wa kukausha kinamasi unachimbwa kwa jembe ndani ya msimu mmoja. Kama usanifu wako unategemea mafunjo, basi mafunjo ni sehemu ya kivuko sawa na zege, na inabidi uandike hivyo waziwazi: nani anayatunza, na nini kitatokea yakiondoka. Kama hakuna wa kuyatunza, tumia K ya shamba.

Mita 1.15 ni kasi ya mahali ambapo godoro halipo

Sasa turudi kwenye kasi. Noti imechukua mtiririko wa 3.1, ikaupitisha kwenye kanuni ya Manning kwa mfereji wa upana wa mita 4 wenye mteremko wa 0.004, ikapata kina cha karibu mita 0.7 na kasi ya wastani ya mita 1.15 kwa sekunde. Hesabu yenyewe ni sahihi, nimeirudia. Lakini jiulize: hiyo ni kasi ya wapi?

Ni kasi ya kijito kilichotulia, mahali ambapo hakuna drifti. Ukisimama mita 50 chini ya kivuko utaikuta. Godoro halikai huko. Godoro linakaa pale maji yanapotoka mabombani na pale yanapodondoka kutoka kwenye zege, na hizo ni kasi nyingine kabisa.

Tuanze na mabomba. Hata kwa mtiririko wa noti yenyewe, kila bomba linapitisha karibu mita moja ya ujazo kwa sekunde, na maji hayajazi bomba lote. Yanatoka kwenye mdomo wake kwa karibu mita 2.3 kwa sekunde. Tayari ni mara mbili ya namba ya noti, na yanatoka kama ndege tatu za maji zilizobanwa, hayajasambaa bado.

Halafu njoo kwenye mafuriko ya K ya 3. Mabomba yakizamishwa yanapitisha takriban 5, na karibu 12 zinazobaki zinapita juu ya zege na kudondoka upande wa chini. Kitu kinachodondoka mita 1.2 hufika chini na kasi ya karibu mita 4.9 kwa sekunde, na hii ni fizikia ya kidato cha pili: kipeuo cha pili cha 2 mara 9.81 mara 1.2. Ukijumlisha kwamba maji yalikuwa na kina na mwendo wake tayari juu ya zege, unafika karibu 5.7.

Kwa hiyo kijito kimoja, mafuriko mamoja, na una kasi tatu: mita 1.15 kule chini, 2.3 kwenye midomo ya mabomba, na zaidi ya 5 kwenye mguu wa zege. Noti imechukua ya kwanza na kuivisha ya tatu.

Na ile 1.5 ya usalama? Nimeitafuta asili yake. Mwongozo wa Marekani wa kukinga madaraja, HEC-23, toleo la tatu la mwaka 2009, una kizidishio cha 1.5 kwa nguzo ya daraja yenye pua ya mviringo iliyosimama ndani ya mto. Kinaeleza maji yanavyoharakisha yakizunguka nguzo. Hakisemi chochote kuhusu maji yanayoanguka kutoka juu ya ukuta. Kizidishio si chumvi ya kunyunyiza kwenye chakula chochote. Kila kimoja kina mahali kilipopimwa, na kikitoka hapo kinakuwa namba tu inayotutuliza roho.

Je, godoro litahimili?

Noti imechagua godoro la unene wa sentimita 17, lenye mawe ya milimita 70 hadi 100. Kwenye jedwali la watengenezaji linalonakiliwa zaidi, godoro hilo lina kasi mbili. Kasi ya kwanza, mita 3.5 kwa sekunde, ni pale mawe yanapoanza kutembea ndani ya kasha. Kasi ya pili, 4.2, ni pale godoro linapoweza kubadilika umbo lakini bado linafanya kazi. Ukivuka hapo, mawe yanasukumwa yote upande mmoja wa kasha, upande wa pili unabaki waya mtupu, na udongo unaachwa wazi.

Ukiweka 1.7 ya noti mbele ya 3.5, unaona usalama wa mara mbili na unalala usingizi. Ukiweka 5.7 mbele ya 4.2, unaona godoro limekwisha kabla mafuriko hayajaisha.

Jibu la haraka ni kuongeza unene. Godoro la sentimita 30 lenye mawe ya milimita 100 hadi 150 lina 5.0 na 6.4. Maana yake, pale mguuni mwa zege mawe yatatembea lakini godoro litabaki. Hilo linaweza kuvumilika mara moja, si kila masika. Kwa maoni yangu jibu bora ni kutoliweka godoro pale maji yanapodondokea kabisa. Weka zege au mawe yaliyojengwa kwa saruji kwa mita mbili au tatu za kwanza, maji yapigie hapo na yatulie, ndipo godoro lianze. Godoro ni zuri kwa maji yanayokimbia juu yake. Kwa maji yanayolipiga kutoka juu, mpe kazi hiyo mwingine.

Kuna jambo la haki hapa, na ni lazima niliseme. Mafuriko yakiwa makubwa kweli, maji ya upande wa chini nayo hupanda, na yakifika karibu na uso wa zege yanakuwa mto wa kulalia: maji yanayodondoka yanapokelewa na maji, si na godoro. Kwa hiyo 5.7 haidumu mafuriko yote. Saa mbaya zaidi si ile ya kilele, ni ile ya mwanzo, wakati maji ya juu yamefika na ya chini bado hayajapanda. Ndiyo maana ukitaka kuipima noti ya namna hii, usihesabu kilele peke yake. Hesabu mitiririko mitatu minne kuanzia ile inayoanza tu kupita juu ya zege, na kwa kila mmoja linganisha kimo cha maji ya chini. Na kama mtaro ule wa kukausha kinamasi unaendelea upande wa chini pia, basi maji ya chini yanaondoka haraka, na mto huo wa kulalia unachelewa kuja au hauji.

Neno moja kuhusu mawe, maana Karagwe ina yake. Vilima vya huko vina miamba ya kwazaiti, ambayo ni migumu na inafaa sana, lakini pia ina miamba ya matabaka inayochanika kama kurasa. Hii ya pili inavunjika bapa, inalowa, inamomonyoka, na kipande chake chembamba kinapita kwenye tundu la waya la milimita 60 kwa 80 bila shida. Noti imeandika "mawe ya eneo husika" na kuishia hapo. Maneno hayo manne yanamruhusu fundi kuleta lolote kati ya hayo mawili.

Godoro hufa kwa ukingo wake

Tuseme umerekebisha yote hayo. Bado kuna sehemu moja, na mimi naiona kuwa ndiyo inayoua magodoro mengi zaidi: pale godoro linapoishia na mto wa kawaida unapoanza. Mawe ni magumu, mchanga ni laini, na maji yakitoka kwenye kigumu kwenda kwenye laini yanachimba. Shimo litatokea hapo hata kama usanifu ni mzuri. Swali ni kama godoro limejiandaa.

Linajiandaa kwa kuwa refu kupita kiasi linachohitaji leo. Shimo likichimbika, mkia wa godoro unainama na kulala juu ya mteremko wa shimo, na kulifunika lisiendelee. Kwa mteremko wa kushuka moja kwa kila mbili za kwenda mbele, kila mita moja ya kina cha shimo inakula mita 2.24 za godoro.

Kina cha shimo noti imekikadiria kwa kanuni ya Lacey, ambayo kwa mchanga mwembamba wa kijito hiki na mtiririko wa 3.1 inatoa karibu nusu mita. Kwa hiyo mkia wa mita 1.1 unatosha, na ndio uliochorwa. Weka 16.6 kwenye kanuni ileile, ndani ya upana uleule wa mita 4: shimo linakuwa karibu mita 1.3, na mkia unaohitajika ni karibu mita 2.9. Mkia wa mita 1.1 utainama, utafika nusu ya safari, na shimo litaendelea kuchimba chini yake kurudi kwenye zege.

Hata hiyo 1.3 ichukue kama namba ya chini. Lacey alitokana na mifereji ya udongo wa mito ya India, ambako maji yanakwenda kwa utulivu. Mbele ya drifti maji yanachemka, na ni kawaida kukizidisha kina hicho kabla ya kukitumia. Zaidi ya hapo, chini ya bonde lililokuwa na mafunjo unaweza kukuta matope ya mimea iliyooza badala ya mchanga, na kanuni ya mchanga haiyajui. Hapo hakuna njia ya mkato: chimba mashimo mawili matatu ya majaribio, uone chini kuna nini.

Basi noti ingesemaje?

Haihitaji kuwa ndefu zaidi. Ingeanza kwa kutaja K na sababu yake, na matokeo ya K mbili, mafunjo yakiwepo na yakiwa yameondoka. Ingetoa kasi tatu badala ya moja, kila moja na mahali pake kwenye mchoro. Ingeweka zege mguuni, godoro la sentimita 30 baada yake, na mkia wa mita 3 au zaidi. Ingeandika mawe ya kwazaiti, si "ya eneo husika". Gharama ingepanda, ndiyo, na mwenye fedha ana haki ya kuuliza kwa nini. Jibu lake ni ile picha ya pili.

Na wewe ambaye husanifu chochote, lakini unavuka drifti kama hii kila siku ya soko, una uwezo wa kuisoma pia. Baada ya mvua kubwa ya kwanza, maji yakishapungua, simama upande wa chini uangalie vitu vitatu. Makasha yana mawe upande mmoja na waya mtupu upande mwingine? Kasi imezidi. Godoro limezama katikati ingawa mawe yake yapo? Udongo unanyonywa chini yake. Mkia umeinama hadi mwisho na hakuna tena kilicholala bapa? Akiba imekwisha, na mafuriko yajayo yataanza kula zege.

Halafu geuka utazame juu ya mto. Kama mwaka jana kulikuwa na mafunjo na mwaka huu kuna maharage, mwambie mtendaji wa kijiji iwafikie wahandisi wa barabara. Kivuko hakijabadilika, lakini mto unaopita chini yake si ule kilichosanifiwa kwa ajili yake.